Bambo Lililotundikwa

Kathini Mwau hakuwa mtu wa chuki. Chuki ni kazi, nayo huhitaji moyo. Yeye alikuwa na dharau, ambayo haigharimu kitu, na aliigawa bila ubahili kwa kila mtu aliyekuwa na jibu tayari mdomoni.

Alianza kuijenga kwa mumewe. Marehemu Mwau alikuwa fundi wa majibu. Ukimwuliza alikolala, alikujibu kabla hujamaliza swali, tena kwa utulivu, tena akikutajia na watu wa kuthibitisha. Kathini alimwamini kwa miaka mingi, mpaka siku moja alipochoka kuuliza akapanda gari kwenda kujionea, na huko akakuta nyumba, mke na watoto wawili wanaofanana na baba yao pua kwa pua. Tangu siku hiyo, mtu akimweleza jambo kwa ufasaha, Kathini alikunja mdomo upande mmoja na kusema, "Haya, nimesikia." Watu wa mji wa Wote walimjua kwa neno hilo. Wafanyabiashara waliokaguliwa naye walisema afadhali aseme kwamba wewe ni mwongo.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa hesabu, katika ofisi ndogo ya Bwana Irungu hapo Wote, juu ya duka la mbegu. Irungu alikuwa mkaguzi wa kuuliza. Aliketi, akaagiza chai, akamwuliza meneja kama mambo ni sawa, meneja akasema ni sawa, Irungu akaandika kwamba ni sawa. Kathini alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba kumwuliza mwenye nyumba kama nyumba yake ni safi si ukaguzi, ni salamu. Irungu alicheka tu. Alikuwa na wateja wengi, na nywele zilizochanwa vizuri.

Basi katikati ya Machi, Irungu alimwita.

"Kathini, uende Kyuso kwa ile cooperative ya ndengu. Ni kazi rahisi. Magunia yamepotea kwa store, na storekeeper amekubali."

"Amekubali nini?"

"Amekubali ameiba. Ametubu mbele ya kanisa, ameandika na akasign. Ijumaa board inakaa, anawapa title ya shamba lake, mambo yanaisha. Wewe pitia tu makaratasi, tuweke hiyo confession kwa file. Mtu amekubali mwenyewe, unataka nini tena?"

"Haya, nimesikia," alisema Kathini, akaenda kufunga mfuko wake. Ndani ya mfuko huo, pamoja na nguo, aliweka mawe yake ya mizani yenye muhuri wa serikali na kipima unyevu alichokinunua kwa pesa zake mwenyewe. Irungu alipomwona akivibeba alitikisa kichwa kwa huruma.

Ghala la ushirika wa ndengu, zile choroko za Ukambani, hapo Kyuso ni jengo la mabati tupu, na joto lake mchana hutosha kumkausha mtu akiwa amesimama. Meneja, Musyimi, alimpokea mlangoni akiwa na tabasamu na faili. Nyuma yake alisimama mwenyekiti, Mzee Kilonzo, ambaye pia ni mzee wa kanisa, na ambaye alikuwa na namna ya kuzungumza polepole kana kwamba kila neno lake linapaswa kuandikwa.

"Mama auditor, karibu," alisema Musyimi. "Kila kitu iko hapa. Ndengu zilipimwa zikiingia, zikapimwa zikitoka. Kati hapo zimepungua. Na ufunguo wa store ni mmoja, anao Jonah peke yake. Sasa wewe sema."

Hoja hiyo ilikuwa imenyooka, na Kathini alichukia hoja zilizonyooka. Aliomba meza, akaketi, akaanza.

Alianza na karatasi. Stakabadhi za kupokea ndengu zilikuwa zote, zimetiwa sahihi, na kila gunia liliandikwa kilo tisini na unyevu chini ya asilimia kumi na tatu, kama sheria ya ushirika inavyotaka. Karatasi nzuri. Ila karatasi iliyoandikwa na Musyimi na kuwekwa na Musyimi ni Musyimi yuleyule, amelala tu kifudifudi ndani ya faili. Iliyompa Kathini utulivu kidogo ilikuwa tiketi ya mizani ya mnunuzi wa Nairobi, kwa sababu mnunuzi hana haja ya kuwafurahisha watu wa Kyuso. Uzito wa tiketi ulilingana na uzito waliopakia. Basi ndengu hazikupotelea njiani.

Kisha akapiga hesabu upya, mstari kwa mstari, kwa kikokotoo chake. Jumla zilikuja sawasawa. Magunia mia saba yalikuwa yamefunguliwa, ndengu zikapepetwa, takataka zikapimwa kando, na zilipopakiwa upya kwa kilo tisini tisini, magunia thelathini na mawili yakakosekana hata baada ya kuhesabu takataka. Musyimi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Si unaona hesabu ni correct?"

"Hesabu ni sahihi," alisema Kathini. "Ukinipa uongo mbili na uongo mbili, nitakupa uongo nne, na nitakuwa nimejumlisha sahihi."

Musyimi alicheka kwa adabu, kama mtu anayecheka mzaha wa mkwe.

Aliingia ghalani. Nyuma, rundo la magunia ambayo hayajafunguliwa lilikuwa limefika karibu na dari, midomo imeshonwa kwa uzi mwekundu wa ushirika. Aliyahesabu, akapanda, akayagusa. Yalikuwepo. Hilo ndilo ambalo jicho na mkono vinaweza kukuambia kuhusu gunia: kwamba lipo. Havikuambii ni la nani. Kwa hilo unahitaji hati, na ndiyo sababu Kathini hakuwahi kudharau karatasi zote. Wala havikuambii limebeba nini ndani.

Mchana huohuo wakulima wawili walileta ndengu kwa punda, na Musyimi akamwita atoke nje aone kazi ikifanyika. Karani wa mizani, kijana mnene aitwaye Mutiso, aliweka gunia juu ya mizani, akasoma uzito kwa sauti kubwa. Kisha akachukua bambo, ile sindano ndefu ya chuma yenye mfereji, inayochomwa gunia mpaka katikati ili kutoa ndengu za ndani. Alilichoma gunia. Bambo likatoka tupu. Akalichoma tena, likatoka tupu tena, kwa sababu aliliingiza mfereji ukiangalia juu na akalichomoa mfereji ukiangalia chini. Musyimi akakohoa. Mara ya tatu Mutiso akapata punje chache, akazitia kwenye mashine, akasoma, na gunia lile likakataliwa kwa sababu ya unyevu. Mkulima alitoa macho. Alisema kwa Kikamba kwamba wiki iliyopita walichukua ndengu mbichi kuliko hizi na hakuna aliyezidunga.

"Procedure ni procedure," alisema Musyimi, akimtazama Kathini.

Kathini alimtazama Mutiso, halafu akatazama ukuta. Palikuwa na msumari, na chini ya msumari mchoro wa bambo umebaki safi kwenye vumbi la ukuta. Chombo kilichotundikwa kwa muda mrefu huacha kivuli chake. Aliandika kwenye daftari lake kwamba ameona utaratibu ukifuatwa, akaandika tarehe na saa. Maana ndicho alichokiona, na kuona kwake hakukuvuka saa ile. Mbuzi naye hali kunde ukimsimamia.

Jioni alimwita Jonah.

Jonah Kaloki alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye shati lililofuliwa mpaka rangi ikachoka. Alikaa ukingoni mwa kiti, na ufunguo wa ghala ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya viatu. Hawakumnyang'anya. Huo ndio ujinga wa watu waliosamehe: walimwita mwizi, wakamwachia ufunguo, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuamka alfajiri.

"Jonah, uliiba ndengu?"

"Eeh, mwaitu," alisema, yaani mama kwa Kikamba. "Nimeshatubu."

"Uliiba magunia mangapi?"

"Hayo thelathini na mbili."

"Uliyabeba na nini?"

Jonah aliinamisha kichwa.

"Uliuzia nani?"

Akainamisha kichwa zaidi. "Mzee Kilonzo alisema nisiulizwe hayo. Alisema nikikubali tu, itaisha kwa kanisa, haiendi polisi."

"Mimi si kanisa. Uliuzia nani?"

Jonah alitazama viganja vyake, kisha akasema, "Mwaitu, mimi mwenyewe nilihesabu. Nikahesabu tena. Nikapima tena. Zinakosekana. Na ufunguo ni mimi tu niko nao, sijawahi kupatia mtu hata siku moja. Mzee aliniuliza mara nyingi, jioni na asubuhi. Nikafikiri, kama mlango haujavunjwa na ufunguo ni wangu, basi lazima ni mimi. Labda shetani alinitumia nikiwa sijui."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, dharau ya Kathini ilikosa pa kukaa. Hakumdharau Jonah. Hasira yake ilikuwa juu ya wazee waliomkalisha mtu mnyofu na kumwuliza mpaka akajisadiki kuwa mwizi. Hili ndilo lililokuwa limewekwa kwenye faili la Irungu kama ushahidi mkubwa. Ungamo. Nalo lilikuwa nini, kama si jibu la swali, tena swali lililoulizwa na watu waliokwisha kuchagua jibu?

"Shamba lako ni kubwa?" aliuliza.

"Eka tatu. Watoto wanakula hapo."

"Haya," alisema Kathini. Hakumalizia na yale maneno yake mengine.

Asubuhi alifika kabla ya Musyimi. Alimwambia Jonah afungue, akamwita Mutiso, akamwambia asimame mbali na asiguse kitu. Kwanza alipima mizani yenyewe kwa mawe yake, moja moja, kisha yote pamoja. Mizani ilikuwa ya kweli, haikuiba hata nusu kilo. Akaiandika hivyo.

Kisha akachukua bambo mwenyewe.

Hakwenda kwenye magunia ya jana, yaliyopokelewa yeye akiwa amesimama. Alikwenda kwenye yale yaliyopokelewa juzi, kabla hajafika, ambayo yalikuwa bado sakafuni karibu na mlango na stakabadhi zake ziko ofisini. Alifanya kile ambacho Mutiso alidai amefanya, hatua kwa hatua, kwa mkono wake. Akachoma gunia chini, katikati na juu, mfereji ukiangalia chini unapoingia na kugeuzwa juu ukishafika. Ndengu zilizotoka zilikuwa na joto na harufu ya mvua. Kipima unyevu chake kikasema kumi na saba. Gunia la pili, kumi na saba na nusu. La tatu, kumi na sita na kitu. Stakabadhi zote tatu zilisema kumi na mbili.

Akachota ndengu za mdomoni mwa gunia, za juu kabisa, kwa kiganja. Kumi na mbili.

"Mutiso," aliita bila kugeuka. "Siku za kawaida bambo linakaa wapi?"

Mutiso alitazama mlango. Musyimi, wa kumkoholea, alikuwa hajafika. "Kwa msumari, madam. Meneja alisema tukidunga gunia tunaliharibu, na wakulima wataenda kwa brokers. Akasema tupime tu hapo kwa mdomo."

Na kwa mdomo, kila mkulima wa Kyuso anajua la kufanya. Ndengu kavu, nzuri, zinazong'aa, huwekwa juu, kama vile mgeni anavyowekewa nyama juu ya wali. Mvua ya Januari ilikuwa imekuta mavuno uwanjani, karo za shule zikakaribia, na hakuna aliyengoja ndengu zikauke. Hakuna mkulima aliyedhani anaiba. Alikuwa anapamba.

Sasa akageukia rundo la nyuma, yale magunia yaliyokaa miezi miwili chini ya mabati yakiwa yameshonwa. Alichagua mwenyewe, ya juu, ya chini, ya pembeni, akamwomba Jonah na Mutiso wayashushe. Aliukagua uzi mwekundu wa kila moja kwa vidole: haujakatwa, haujashonwa upya. Kisha akayaweka kwenye mizani. Yaliingia na kilo tisini. Sasa la kwanza lilisoma themanini na sita. Jingine themanini na sita kasoro. Jingine themanini na sita na kidogo.

Jonah alikuwa anasoma mizani juu ya bega lake. Aliona namba, akaona uzi. Akapeleka mkono kwenye ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akaushika.

Ijumaa wazee wa ushirika walikutana katika chumba cha ofisi, Jonah ameketi kwenye kona na Mutiso amesimama mlangoni. Hati ya shamba la Jonah ilikuwa tayari mezani, imewekwa chini ya kikombe ili upepo usiipeperushe. Bwana Irungu alikuwa amekuja kutoka Wote kwa ajili ya sherehe hiyo, na nywele zake zilikuwa zimechanwa.

"Tuna ungamo," alianza Mzee Kilonzo. "Tuna makaratasi. Tuna hesabu. Mama ameona kazi yetu kwa macho yake. Nafikiri tumalize kwa sala."

"Tuna mdomo, tuna karatasi zenu, tuna hesabu ya karatasi zenu, na tuna Mutiso akiigiza," alisema Kathini. "Ya nne ilikuwa mbovu kuliko zote."

Irungu akamgusa mkono. Kathini akauondoa mkono wake kama anavyoondoa nzi.

Aliwaeleza kwa maneno mafupi, maana aliona hawastahili marefu. Gunia la kilo tisini lenye unyevu wa kumi na saba lina kilo kumi na tano na ushei za maji. Ndengu zenyewe, zile za kweli, ni sabini na nne na ushei, na hizo haziendi popote. Likikaa kwenye joto la Kyuso mpaka unyevu ufike kumi na tatu, litabaki kilo themanini na sita. Kilo nne zimepaa kupitia kitambaa cha gunia, na mlango umefungwa, na ufunguo uko shingoni mwa mtu mwaminifu. Zidisha kilo nne na kidogo kwa magunia mia saba.

Musyimi hakuzidisha. Mzee mmoja pembeni alizidisha kwa simu yake, akagawanya kwa tisini, akasema kwa sauti ndogo, "Thelathini na mbili."

"Sisemi hakuna mtu aliyewahi kuchota kikombe cha ndengu Kyuso," alisema Kathini. "Kazi yangu haifiki huko. Nasema nilichofanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mizani niliyoipima na magunia niliyoyachagua mimi, kina nguvu kuliko kila kitu mlichoambiwa. Mngeniuliza thamani ya gari la ushirika imeshuka kiasi gani vitabuni, ningepiga hesabu upya na ingetosha. Mngeuliza ghala hili ni la nani, ningesoma hati na ingetosha. Lakini mlitaka kujua kama watu wenu wanafanya wanachosema wanafanya. Hilo huliulizi. Unalifanya mwenyewe."

"Lakini alikubali!" alisema Irungu.

"Wewe nawe umekubali mambo mengi."

Mzee Kilonzo alisema polepole kuliko kawaida. "Mama, hii jambo ilisomwa kanisani. Watu walilia. Tulimwekea mikono, tukamsamehe. Sasa tutawaambia nini washirika?"

"Waambie mlisamehe maji."

Mzee Kilonzo alivuta kiti chake karibu na meza. Kisha akasema kwamba jambo hili lina hekima yake, kwamba msamaha ukishatolewa haurudishwi, kwamba labda ni vizuri libaki hivyo, Jonah arudishiwe shamba kimyakimya, na kanisa lisichanganywe. Alisema kwa ufasaha sana. Musyimi alitikisa kichwa kukubali. Irungu naye alitikisa. Kathini aliwatazama wote watatu, akaona hakuna hata mmoja aliyekuwa ameangalia alipoketi Jonah.

Jonah aliinuka. Alikwenda mezani, akaondoa kikombe, akaikunja hati ya shamba lake mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati.

"Mzee," alisema, "wewe umeniuliza mara nyingi. Mimi nikuulize mara moja. Umewahi kuniona nimebeba gunia kwenda nyumbani?"

Mzee Kilonzo alikitazama kikombe kilichoondolewa.

"Basi Jumapili usome hiyo nyingine, kwamba sikuiba. Pale pale. Wewe mwenyewe."

Akavua kamba ya viatu shingoni, akauweka ufunguo mezani, mahali palipokuwa na hati.

"Na huu mkae nao," alisema. "Hapa kwetu mwenye ufunguo ndiye mwizi."

Akatoka. Walimsikia akimsalimu mtu nje, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwenda shambani kwake. Mzee Kilonzo aliusukuma ufunguo kwa kidole kuelekea kwa Musyimi. Musyimi akautazama, kisha akausukuma upande wa Mutiso, aliyekuwa amesimama mlangoni na bambo mkononi. Mutiso akarudi nyuma hatua moja. Ufunguo ukabaki katikati ya meza, na Kathini alipomaliza kufunga mfuko wake ulikuwa bado pale.